Msikadirie kila safu: kwa wahadhiri wasaidizi mnaojaza matokeo kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia majedwali matatu ya matokeo kabla hayajaenda kwenye bodi ya watahini ya idara. Mawili kati ya hayo yana kosa lile lile nililolifanya mimi nikiwa na miezi saba kazini. Nimeyarudisha kwa wenyewe, tumeelewana, hakuna kinyongo. Ila nimechoka kulieleza mlangoni, mtu amesimama na kompyuta mkononi na mwenzake anasubiri nyuma yake, kwa hiyo leo naliandika lote.

Utaratibu mnaujua. Tathmini endelevu ina 40, mtihani wa mwisho una 60. A inaanzia 70, B+ 60, B 50, C 40, na chini ya hapo ni sapu. Alama ya mwisho inaandikwa kwa namba nzima, na nusu inapanda juu. Kanuni hiyo hakuna anayeikosea. Kinachokosewa ni mahali pa kuitumia.

1. Kadirieni mara moja tu, kwenye jumla ya mwisho.

Chukueni mwanafunzi mmoja. Testi ya kwanza kapata 17 kati ya 40, na testi hiyo ina uzito wa 15. Testi ya pili kapata 18 kati ya 50, nayo ina uzito wa 15. Asaimenti kapata 16 kati ya 30, uzito 10. Mtihani wa mwisho kapata 39 kati ya 100, uzito 60.

Tukigeuza kila kimoja kwa uzito wake tunapata 6.375, halafu 5.4, halafu 5.333, halafu 23.4. Jumla ni 40.508. Ukiikadiria hapo, na hapo tu, unapata 41. Hata ungeamua kuzikata desimali zote bila huruma, angebaki na 40. Kijana huyu amefaulu, ana C, wala hahitaji kubembelezewa na mtu.

Sasa kadiria kila kipande kabla ya kujumlisha: 6, 5, 5 na 23. Jumla 39. Kijana yule yule, karatasi zile zile, kalamu nyekundu ile ile, na sasa ana sapu.

Alama moja na nusu imekwenda wapi? Imetupwa kidogo kidogo: 0.375 kwenye testi ya kwanza, 0.4 kwenye ya pili, 0.333 kwenye asaimenti, 0.4 kwenye mtihani. Kila ukikadiria namba kuwa nzima unaweza kupoteza au kuongeza hadi nusu alama. Ukifanya hivyo mara nne umejipa nafasi ya kukosea hadi alama mbili nzima. Ukifanya mara moja mwishoni, kosa haliwezi kuzidi nusu.

Najua jibu mtakalonipa, kwa sababu nililitoa mimi pia: zinazopanda na zinazoshuka zitafutana. Kwa wastani wa darasa zima, ndiyo, hukaribia kufutana, na ndiyo maana ukiangalia wastani wa kozi huoni kitu. Lakini hatutoi cheti kwa wastani wa darasa. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja zinaweza kushuka zote nne, kama kwa huyu, na mwenzake aliyekaa naye dawati moja zikampanda zote nne.

2. Namba zisipojumlisha vizuri kwenye karatasi, ongezeni desimali. Msizikadirie ndani ya fomula.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipoangukia.

Nilikuwa na kozi ya wanafunzi 118. Nilisahihisha vizuri, nasema hivyo kwa uhakika hata leo, kila swali nilikuwa na mwongozo wake na nilirudia karatasi zote zilizokaribia mpaka. Nilijenga jedwali kwenye Excel kwa fomula sahihi kabisa. Kisha nikaona desimali nyingi zinachafua ukurasa, nikabonyeza kile kitufe cha kupunguza desimali mpaka kila safu ikaonyesha namba nzima. Nikachapa, nikapeleka kwa mkuu wa idara.

Mkuu wetu wa wakati huo alikuwa mama mmoja ambaye hakusaini kitu bila kikokotoo pembeni. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akajumlisha. Akahamia mwingine. Akaniuliza, "Mwanangu, sita na tano na tano na ishirini na tatu ni ngapi?" Nikasema thelathini na tisa. "Mbona hapa umeandika arobaini na moja?"

Swali lake lilikuwa halali. Jibu sahihi lilikuwa kwamba kitufe kile hubadilisha kinachoonekana tu: ndani ya kisanduku bado ipo 6.375, na jumla imetokana na hiyo, si na 6 inayoonekana. Kwa hiyo 41 ndiyo sahihi, na kinachotakiwa ni kuonyesha desimali mbili ili msomaji aone 6.38, 5.40, 5.33 na 23.40 zikitoa 40.51. Hilo ningelisema, tungemaliza kwa dakika moja.

Sikulisema kwa sababu sikulijua. Niliona aibu, nikasema nitarekebisha. Usiku ule, bodi ikiwa inakaa kesho yake asubuhi, nikaingia kwenye kila safu nikaifunga kwa ROUND. Fomula ya jumla ikawa hivi:

```
=ROUND(C5/40*15,0)+ROUND(D5/50*15,0)+ROUND(E5/30*10,0)+ROUND(F5/100*60,0)
```

Nikaiburuta chini mpaka mwanafunzi wa 118. Sasa kila mstari ulijumlisha vizuri hata kwa vidole. Ile 41 ikawa 39, na kisanduku cha daraja kikabadilika chenyewe kutoka C. Sikukiona. Nilikuwa natazama kama namba zinajumlisha, sikuwa natazama watu. Asubuhi mama akapiga kikokotoo chake kwenye mistari mitano, akaridhika, akasaini. Bodi ikapitisha.

Matokeo yalipobandikwa yule kijana alikuja ofisini. Alikuwa na mfuko wa nailoni wenye testi zake mbili na asaimenti, na karatasi ya daftari aliyopigia hesabu kwa penseli. Alama ya mtihani ghafi hakuijua, alijua tu ile 23 iliyobandikwa ubaoni. Akaiweka hiyo 23 pamoja na vipande vyake vitatu alivyovigeuza mwenyewe, bila kukadiria, akapata 40.108. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mimi napata arobaini na kidogo."

Nilichukua kikokotoo. Nikapiga sita, tano, tano, ishirini na tatu. Nikamwonyesha 39 kwenye kioo. Nilikuwa najumlisha namba nilizoziharibu mwenyewe nikazifanya ushahidi dhidi yake, wakati karatasi yake ya daftari ilikuwa na hesabu sahihi kuliko faili langu. Nikamwambia matokeo yameshapita, ajiandae na sapu mwezi wa tisa. Akasema sawa, Mwalimu, akakunja karatasi yake, akaondoka.

Kwao ni Kigoma. Alikuwa ameshaahidiwa kazi ya likizo kule, ya kuuza dukani kwa mjomba wake, na kwa hela hiyo alitegemea kulipia chumba muhula unaofuata. Ilibidi aikatishe arudi chuoni kusoma na kufanya mtihani wa somo alilokwisha kulifaulu. Akafanya, akapita. Mimi mwenyewe nilimsahihishia.

Kosa nililijua mwaka uliofuata. Mtahini wa nje aliomba alama ghafi za ile kozi, nami nikazijaza upya kwenye faili jipya kwa fomula moja ndefu, ROUND ikiwa nje, mara moja. Nikaweka safu hiyo kando ya ile ya zamani ili nimkabidhi zote. Hazikulingana. Kati ya wanafunzi 118, jumla za 44 zilitofautiana, nyingi kwa alama moja. Watano walikuwa wamevuka mpaka wa daraja: watatu nimewashusha, wawili nimewapandisha. Mstari wa yule kijana ulikuwa na 39 upande mmoja na 41 upande wa pili.

Niliandika barua kwa mkuu wa idara siku ile ile. Matokeo ya wale watatu yalirekebishwa, na ile sapu ikafutwa kwenye kumbukumbu zake. Wale wawili bodi iliamua wabaki walipo kwa kuwa kosa halikuwa lao. Nilimtafuta kijana nikamweleza mwenyewe, uso kwa uso. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama na wenzake wawili nimeshawaambia.

Nauli na ile kazi ya dukani sikuweza kumrudishia.

Fomula ninayoitaka kwenye majedwali yenu ni hii, na nikiona ROUND zaidi ya moja nitawarudishia:

```
=ROUND(C5/40*15+D5/50*15+E5/30*10+F5/100*60,0)
```

3. Daraja litoke kwenye alama iliyokadiriwa, si kwenye ile ghafi.

Hili ni kinyume cha kosa langu, na mmoja wenu analo. Ameogopa ROUND kabisa, akaacha jumla ghafi, akapunguza desimali kwa kitufe. Mwanafunzi mwenye 69.6 anaonekana ana 70, lakini fomula ya daraja inasoma 69.6, inaona haijafika 70, inampa B+. Ubaoni panasomeka 70, B+. Hapo mwanafunzi ana haki ya kugonga mlango wako. ROUND inatakiwa, ila mahali pamoja: kisanduku cha jumla ya mwisho. Daraja lisome kisanduku hicho.

4. Msikadirie kwa ngazi.

Wapo wanaokadiria jumla kuwa desimali moja, "ili iwe safi", kisha faili likifika kwa mwingine naye anaikadiria kuwa namba nzima. Mwanafunzi ana 69.46. Wa kwanza anaandika 69.5. Wa pili anaona nusu, anaipandisha, 70, A. Kumbe 69.46 ukiikadiria moja kwa moja ni 69, B+. Hakuna kati yao aliyevunja kanuni kwa hatua yake, na bado daraja si lake. Ndiyo maana mkipeleka faili kwa mtu mwingine mpeni alama ghafi zote, asianze na jumla mliyokwisha kuigusa.

5. Angalieni kama baada ya kukadiria kuna kuzidisha.

Kukadiria kabla ya kugawanya kunaumiza kidogo. Ukimwandikia mtu asilimia 43 badala ya 42.5 kwenye testi yenye uzito wa 15, umemwongezea 0.075 tu. Lakini mkiwa na kwizi ndogo ndogo za alama 5, wastani wa mwanafunzi ukawa 3.4, mkauandika 3, kisha mkauzidisha kwa 3 ili ufike 15, anapata 9 badala ya 10.2. Kwizi alizofanya muhula mzima zimemgharimu alama moja na robo hivi bila yeye kukosea swali lolote la ziada. Kadiri kipimo kilivyo kidogo na uzito wake ulivyo mkubwa, ndivyo desimali zake zinavyostahili kulindwa.

6. GPA ina kanuni yake, someni yenu.

Vyuo vingi vyetu GPA haikadiriwi, inakatwa baada ya desimali ya kwanza. 4.38 ni 4.3, haiwi 4.4, na kwenye mfumo wa pointi 5 ambao daraja la kwanza linaanzia 4.4, hiyo ni daraja la pili la juu. Mwanafunzi atalia, na utamwonea huruma, lakini kanuni ndiyo hiyo na inatumika kwa wote. Kwenye Excel hiyo ni TRUNC, si ROUND.

Kwa kuwa kukata hushusha tu na hakupandishi, kukata mapema ni kubaya kuliko kukadiria mapema: hakuna cha kufutana nacho. Nimeona mtu amechukua GPA za miaka mitatu kutoka kwenye karatasi za matokeo akazitafutia wastani. Mwanafunzi alikuwa na krediti 120 kila mwaka. Mwaka wa kwanza alikusanya pointi 538, wa pili 536, wa tatu 514. Ukigawa kila mwaka peke yake na kukata unapata 4.4, 4.4 na 4.2. Wastani wa hizo ni 4.33, ukikata ni 4.3. Lakini fanya inavyotakiwa: jumla ya pointi zote 1588 gawanya kwa krediti zote 360, unapata 4.411, ukikata ni 4.4. Daraja la kwanza. Zile GPA za kila mwaka ni za kumwonyesha mwanafunzi anavyoendelea, si malighafi ya hesabu nyingine.

7. Programu hazikubaliani kuhusu nusu.

Excel ikikutana na 44.5 inaandika 45. Python ikiambiwa `round(44.5)` inaandika 44, kwa sababu nusu inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa mipaka yetu ya chuo hamtaliona hili, kwani 40, 50, 60 na 70 zote ni shufwa: 39.5 inakwenda 40 kote kuwili. Lakini wale mnaosaidia shule za sekondari kutengeneza matokeo ya mitihani ya ndani, kule C inaanzia 45, B 65 na A 75. Zote ni witiri. Mwanafunzi wa 74.5 anapata A kwenye Excel, na B kwa kijana anayetumia Python. Jaribuni 74.5 kwenye programu yenu kabla ya kuingiza darasa zima.

8. Kukadiria si kusamehe.

39.5 inakuwa 40 kwa kanuni. 39.2 haiwi 40, hata kama mwanafunzi unamjua na mama yake anaumwa. Ukiona anastahili kuangaliwa, rudi kwenye karatasi yake ya majibu, soma tena swali kwa swali, na kama ulimnyima alama mpe pale pale kwenye swali. Kama hukumnyima, mpeleke kwenye bodi ukiwa na maelezo. Usimsukumie ndani ya fomula, maana mwaka kesho hakuna atakayejua kwa nini mstari wa 63 una 0.3 ya ziada.

9. Hakikini kabla ya kusaini.

Ongezeni safu moja pembeni yenye jumla ghafi, na nyingine inayotoa ghafi kwenye alama ya mwisho. Kama mmekadiria mara moja tu, tofauti hiyo haizidi 0.5 kwa yeyote, si juu wala chini. Mkiona 0.7 au 1.5 popote, kuna ROUND imejificha kwenye safu fulani. Na kama faili mmelirithi, bonyezeni kwenye kila kisanduku cha safu msome fomula yenyewe, msiamini kinachoonekana. Kuna mpangilio kwenye Excel, `Set precision as displayed`, ambao ukiwashwa hubadilisha namba zilizohifadhiwa zifanane na zinazoonekana, na zilizopotea hazirudi. Nilikuta faili moja la namna hiyo, na ilibidi alama zote ziingizwe upya kutoka kwenye karatasi.

Wale wawili niliowarudishia majedwali, leteni mapya Alhamisi kabla ya saa nane, na mje na karatasi za majibu zenyewe, si faili peke yake. Tutakaa pamoja na kikokotoo. Tuanze na wote waliopata 38 na 39, kisha 48 na 49, tukipanda hivyo. Na mwanafunzi yeyote atakayekuja kwenu na hesabu yake ya penseli, ichukueni hiyo karatasi muisome mstari kwa mstari kabla hamjagusa kikokotoo chenu.